Ujazo wa shamba na kikomo cha kunyauka: hesabu ikikataa kukubaliana na udongo wa Unguja na Pemba

Ripoti ya maabara ya udongo kwa kawaida inakupa namba nne: mchanga, mchangatope, mfinyanzi na mboji. Haikuambii udongo unashika maji kiasi gani. Pengo hilo huzibwa na milinganyo, na inayotumika sana ni ya Saxton na Rawls ya mwaka 2006. Inakadiria vitu viwili. Cha kwanza ni ujazo wa shamba, yaani maji yanayobaki baada ya mvua kubwa kuacha kuchuruzika kwenda chini (mvuto wa kilopaskali 33). Cha pili ni kikomo cha kunyauka, yaani maji yaliyong'ang'aniwa na udongo kiasi kwamba mmea hauwezi tena kuyavuta (kilopaskali 1500). Tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo maji ya mmea.

Hii hapa milinganyo yenyewe, imeandikwa iwe rahisi kuhamishia kwenye jedwali la kompyuta, kila jina likibadilishwa kuwa anwani ya seli yake:

```
S  = mchanga% / 100
C  = mfinyanzi% / 100
OM = mboji%

K1 = -0.024*S + 0.487*C + 0.006*OM + 0.005*S*OM - 0.013*C*OM + 0.068*S*C + 0.031
KK = K1 + (0.14*K1 - 0.02)

U1 = -0.251*S + 0.195*C + 0.011*OM + 0.006*S*OM - 0.027*C*OM + 0.452*S*C + 0.299
UJ = U1 + (1.283*U1^2 - 0.374*U1 - 0.015)
```

`UJ` ni ujazo wa shamba na `KK` ni kikomo cha kunyauka. Majibu yote mawili ni sehemu ya ujazo wa udongo: 0.29 maana yake lita moja ya udongo ina mililita 290 za maji.

Tuchukue sampuli moja ya kinongo, udongo mwekundu wa visiwani, na tubaki nayo mpaka mwisho: mchanga 58%, mchangatope 12%, mfinyanzi 30%, kaboni 1.2%. Kaboni ukiizidisha kwa 1.724 unapata mboji 2.07%. Milinganyo inatoa `UJ` 0.294 na `KK` 0.191, kwa hiyo maji ya mmea, yakihesabiwa kabla ya kufupisha desimali, ni 0.102, yaani milimita 102 kwa kila mita ya kina. Mizizi ya nyanya ikiwa imefika sentimita 30, akiba yake ni kama milimita 31. Hesabu yako ikikupa namba hizi kwa sampuli hii, ujue umeiandika sawa. Ikikupa nyingine, endelea kusoma.

Dalili ya kwanza: jibu haliwezekani kabisa

Umepata laki kadhaa, au namba hasi, au ujazo wa shamba wa 0.9.

Sababu inayoongoza ni kuingiza mchanga na mfinyanzi kwa asilimia badala ya desimali. Sampuli yetu ikiingizwa kama 58 na 30, ujazo wa shamba unatoka zaidi ya 775,000. Kosa hili halina madhara kwa kuwa linajitangaza lenyewe. Gawa kwa 100, yamekwisha.

Jibu likiwa si la ajabu kiasi hicho lakini bado halikai vizuri akilini, angalia kama safu za mchanga na mfinyanzi hazikupishana. Ripoti nyingine huanza na mfinyanzi, na anayenakili kwa mazoea huanza na mchanga. Sampuli yetu ikigeuzwa hivyo inatoa 0.457 na 0.343, namba ambazo kwa mfinyanzi wa bonde la mpunga zisingemshtua mtu. Kwa hiyo jumlisha kwanza: mchanga, mchangatope na mfinyanzi lazima vifike 100, ukiruhusu pungufu au ziada ya 1 kwa sababu ya kukadiria desimali. Kisha soma majina ya safu, si mpangilio wake.

Dalili ya pili: jibu linaonekana zuri lakini si lenyewe

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa sababu hakuna kinachopiga kelele.

Kosa la kawaida kabisa ni kugawa kila kitu kwa 100, mboji ikiwemo. Milinganyo hii ina tabia hiyo mbovu: mchanga na mfinyanzi vinataka desimali, mboji inataka asilimia. Ukiweka mboji 0.0207 badala ya 2.07, sampuli yetu inatoa 0.275 na 0.180. Hakuna atakayezitilia shaka. Kuligundua ni rahisi: weka sampuli yetu kwenye jedwali lako, kisha ongeza mboji kutoka 1 hadi 4 ukiacha vingine vilevile. Ujazo wa shamba usipopanda waziwazi, mboji yako imegawanywa.

La pili ni kusahau mstari wa pili wa kila mlinganyo. `K1` na `U1` ni makadirio ya awali tu, na mstari unaofuata ndio unaoyasahihisha. Kwa sampuli yetu `U1` ni 0.304 na `K1` ni 0.185. Tofauti yake ni milimita 118 kwa mita badala ya 102. Mkulima anaambiwa ana maji ambayo hayapo.

La tatu ni kuingiza kaboni mahali pa mboji. Hili lipo sana lakini halina uzito mkubwa: 1.2 badala ya 2.07 inashusha maji ya mmea kwa milimita 3 tu kwa mita. Rekebisha, lakini usidhani ndiyo sababu ya shamba lako kukauka.

Mboji ikiwa kubwa mno ni jambo jingine. Shamba la kinongo lililolimwa miaka mingi likiletewa ripoti ya mboji 6%, uliza ilipimwaje. Kama sampuli ilichomwa kwenye tanuru na uzito uliopungua ukahesabiwa wote kuwa mboji, basi mfinyanzi nao umechangia. Mfinyanzi wa aina ya kaolini una maji ndani ya umbile lake, karibu 14% ya uzito wake, na huyaachia kati ya nyuzi 450 na 600. Kwenye udongo wenye 30% ya mfinyanzi huo, hapo pekee panaweza kutoka "mboji" ya 4% ambayo haikuwahi kuwa jani wala samadi. Omba kipimo cha kaboni kwa njia ya kemikali.

Mwisho kwenye kundi hili, na mara chache zaidi, ni mpaka wa mchanga na mchangatope. Utaona kwamba mchangatope hauonekani popote kwenye milinganyo, kwa vile ni kile kinachobaki baada ya mchanga na mfinyanzi. Lakini mpaka wake unaamua mchanga ni kiasi gani. Milinganyo hii inahesabu mchanga kuanzia milimita 0.05. Ripoti za zamani nyingi zilianza na 0.02, na hivyo kuita mchanga kitu ambacho hapa ni mchangatope. Sampuli yetu ingeandikwa, tuseme, mchanga 65%, na ujazo wa shamba ungeshuka hadi 0.283. Ukitumia ripoti ya zamani, tafuta mpaka huo kwenye maelezo ya njia ya kupimia kabla ya kuinakili.

Dalili ya tatu: umepima shambani, na kipimo hakikubaliani na hesabu

Kabla ya kulaumu milinganyo, angalia umelinganisha nini na nini.

Mtu anachukua udongo uliolowa, anaupima, anaukausha kwenye oveni nyuzi 105 kwa saa 24, anaupima tena. Tuseme amepata gramu 168 kisha gramu 139. Maji ni gramu 29. Anagawa 29 kwa 139, anapata 0.209, anailinganisha na 0.294 na kusema hesabu imezidisha vibaya. Haikuzidisha. 0.209 ni maji kwa uzito, na milinganyo inatoa maji kwa ujazo. Kama udongo ule ulitolewa kwa pete ya chuma yenye sentimita za ujazo 100, basi gramu 29 za maji ndani ya sentimita 100 ni 0.29. Vimelingana karibu kabisa. Bila pete ya ujazo unaojulikana huwezi kufanya ulinganisho huu, na udongo uliochotwa kwa jembe na kutiwa mfukoni hautakusaidia.

Kama ujazo umezingatiwa na bado kuna tofauti, kagua namna ulivyolowesha. Kipimo cha shambani hufanywa hivi: tengeneza kitalu cha mita 1 kwa 1 chenye kingo, mwagia maji mpaka yazame kupita kina unachokitaka, kisha funika kwa plastiki na majani ya mgomba juu yake ili jua lisinyonye. Kwenye mchanga chukua pete baada ya siku moja, kwenye mfinyanzi baada ya siku mbili hadi tatu. Chukua pete tatu, usitegemee moja. Usigongee pete kwa nyundo ya nguvu, maana udongo ulioshindiliwa ndani yake unadanganya.

Pete zikionyesha maji mengi kupita hesabu hata siku ya tatu, chimba shimo pembeni. Kwenye mabonde ya mpunga kama Cheju, maji ya chini au tabaka gumu la chini ya jembe huzuia kuchuruzika. Hapo hujapima ujazo wa shamba, umepima udongo uliozama. Rudia kiangazi, au kubali kwamba kwa bonde hilo namba unayohitaji ni kina cha maji ya chini.

Dalili ya nne: maabara inasema mchanga, mkono unasema mfinyanzi

Hii ndiyo dalili inayostahili muda zaidi visiwani, kwa sababu kinongo na udongo wa juu ya mawe ya matumbawe vyote viwili vinaisababisha.

Lowesha konzi ya udongo, ikande dakika mbili au tatu, kisha isukume kati ya kidole gumba na cha shahada itoke kama utepe. Ikitoa utepe wa sentimita 3 au 4 bila kukatika na ripoti inasema mfinyanzi 18%, kuna kitu kimekosewa kabla ya hesabu.

Kinachotokea ni kwamba chembe za mfinyanzi hazikuachanishwa. Kwenye udongo mwekundu, chuma huzigandisha ziwe vipunje vidogo vigumu. Ndani ya silinda ya kupimia, vipunje hivyo huzama haraka na kuhesabiwa kuwa mchanga. Kwenye udongo wa maweni chokaa hufanya kazi hiyohiyo. Dondoshea udongo ndimu: ukitoa povu, chokaa ipo.

Tuseme sampuli yetu iliyo na mfinyanzi 30% imesomwa kuwa 18% na mchanga 72%. Milinganyo itatoa 0.201 na 0.123, maji ya mmea milimita 79 kwa mita badala ya 102. Ratiba ya kumwagilia itabana bila sababu na mafuta ya pampu yatakwenda bure.

Hatua ya kwanza ni kuirudishia maabara sampuli na kuuliza mambo mawili: dawa ya kuachanisha chembe ilitumika kiasi gani, na udongo ulitikiswa kwa muda gani. Kutikisa usiku kucha huachanisha vizuri kuliko kukoroga dakika chache. Kama wataiyeyusha chokaa kwa asidi, fahamu kwamba na mchanga wa matumbawe utayeyuka, na ule ni mchanga wa kweli wa shamba lako. Waombe matokeo ya kabla na baada.

Hatua ya pili unaweza kuifanya mwenyewe, na ni ya zamani kuliko milinganyo yote hii: muulize mmea. Tia gramu 500 za udongo uliochekechwa kwenye kopo, panda alizeti, imwagilie mpaka iwe na jozi tatu za majani. Ziba uso wa udongo kwa plastiki ukiuacha mche upite, kisha usitie maji tena. Majani yakilegea, ufunike mche usiku kucha kwa ndoo yenye kitambaa kibichi ndani. Mche ukiinuka asubuhi, urudishe nje. Siku ambayo hautainuka, toa udongo, ondoa mizizi, pima, kausha nyuzi 105, pima tena. Hapo unatafuta maji kwa uzito.

Ukipata asilimia 13.5, igawe kwa mfinyanzi wa ripoti. 13.5 kwa 18 ni 0.75. Udongo ulioachanishwa sawasawa kwa kawaida hutoa kama 0.4, na ukivuka 0.6 ni ishara kwamba mfinyanzi haukuhesabiwa wote. Gawa kwa 30 unapata 0.45, na ndiyo inayoaminika. Mboji nyingi nayo hupandisha uwiano huu, kwa hiyo kipimo hiki kisitumike kwenye udongo mweusi wa mbojini.

Hata mfinyanzi ukisomwa sawa, kinongo bado ina ukaidi wake. Milinganyo ilijengwa kwa udongo wa Marekani. Vipunje vya udongo mwekundu wa tropiki vina matundu makubwa kati yao, yanayoachia maji upesi, na matundu madogo sana ndani yao, yanayoyang'ang'ania. Kwenye udongo wa namna hiyo kuchuruzika husimama mapema, karibu na kilopaskali 10 na si 33, kwa hiyo kitalu cha siku mbili kinaweza kusoma juu ya `UJ` bila mtu yeyote kukosea. Hesabu na kitalu vikitofautiana, ikiwa pete zako zilichukuliwa vizuri, fuata pete.

Dalili ya tano: hesabu ni sawa, lakini mimea inanyauka kabla ya siku yake

Nyanya kwenye sampuli yetu zina akiba ya milimita 31 ndani ya sentimita 30. Ukiziruhusu kutumia 40% kabla ya kumwagilia, ni milimita 12, sawa na lita 1,200 kwa kitalu cha mita 10 kwa 10. Zikitumia milimita 5 kwa siku, unamwagilia siku ya tatu inapoanza. Zikilegea siku ya kwanza jioni, chunguza hivi.

Kwanza kina. Chomeka chuma chembamba mahali kumi ndani ya shamba. Kwenye uwanda na maweni, iwe Makunduchi au Micheweni, chuma kitagota jiwe kwa sentimita 12 hapa na 40 pale. Akiba ya sentimita 12 si milimita 31, ni 12 tu. Hakuna mlinganyo unaoujua mwamba ulipo.

Pili mawe. Maabara huchekecha udongo kwa chekeche ya milimita 2 na kutupa kinachobaki. Namba zote ulizopewa ni za udongo laini peke yake. Kama mawe ni 35% ya uzito, kwa ujazo ni kama 22% pale udongo laini una uzito wa gramu 1.35 kwa sentimita ya ujazo na jiwe gramu 2.65. Zidisha maji ya mmea kwa 0.78: 102 inakuwa 80. Jiwe la matumbawe lina vitundu na ni jepesi kuliko hapo, kwa hiyo kwa uzito uleule linachukua nafasi kubwa zaidi, ingawa nalo hushika maji kidogo. Ichukulie 80 kama makadirio, na usiiandike kwa desimali mbili.

Tatu chumvi. Mimea ikilegea wakati udongo ukiushika mkononi bado una unyevu, na shamba liko karibu na pwani au kisima kimeanza kuwa na ladha, pima chumvi. Chumvi huzuia mmea kuvuta maji muda mrefu kabla ya kikomo cha kunyauka kilichohesabiwa. Kipimo cha dondoo la udongo kikifika 4 dS/m au zaidi, weka hesabu hii pembeni. Kumwagilia mara kwa mara kwa maji yaleyale ya kisima kutaongeza tatizo.

Pa kusimama na kumwita mtaalamu

Usitumie milinganyo hii mfinyanzi ukizidi 60% au mboji ikizidi 8%. Sampuli za namna hiyo ziliondolewa wakati milinganyo inatengenezwa, pamoja na zile zenye uzito chini ya gramu 1.0 au zaidi ya 1.8 kwa sentimita ya ujazo. Tope la mikoko na udongo mweusi unaopasuka kiangazi usiupigie hesabu hapa, hata kama jedwali litakupa jibu zuri.

Simama pia pale hesabu inapokwenda kununua kitu. Ukubwa wa tangi, pampu au mabomba ya matone haupangwi kwa namba iliyokadiriwa kutoka ripoti moja. Mpe afisa umwagiliaji pete zako za kitalu, ripoti ya maabara yenye njia ya kupimia na kipimo cha chumvi. Omba pete ambazo hazijavurugwa zipelekwe kwenye maabara yenye chombo cha mgandamizo, zipimwe kwa kilopaskali 10, 33 na 1500. Kwa kinongo, usikubali ile ya 10 iachwe.

Na chumvi ikishapatikana kisimani, zima pampu kwanza. Wa kuitwa hapo ni mtu wa maji, na udongo usubiri.